Lubumbashi: Fakture ya mwezi bila bono zenye sahihi ni karatasi tupu

Katika mji wa Lubumbashi, malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yanafanana kila mwisho wa mwezi. Muuzaji wa maji, wa mikate, wa mboga au wa vifaa vya ofisi amepeleka mali mwezi mzima kwa kampuni, shule au hospitali. Siku ya kwanza ya mwezi unaofuata anapeleka fakture. Baada ya wiki mbili anarudi kuuliza feza yake, na jibu analopata ni moja: “Mama, hesabu yako haifanani na yetu.”

Wengi wanasema wateja wakubwa hawapendi kulipa. Wako wa namna hiyo, hakuna wa kubisha. Lakini mara nyingi ugomvi huo haukuzaliwa ndani ya ofisi ya mhasibu. Ulizaliwa langoni, siku mali iliposhushwa, wakati mtu alitia alama ya kalamu kwenye karatasi bila jina, bila saa na bila kuhesabu. Fakture ya mwezi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake yote inatoka kwenye bono ya kupeleka mali, ile ambayo wengi mjini wanaita bo ya livrezo.

Kwanza tuelewe kwa nini kuna fakture ya mwezi. Mteja anayepokea mali mara 40 au 50 kwa mwezi hawezi kushughulikia fakture 50. Kila fakture inapaswa kuingizwa kitabuni, kukaguliwa, kutiwa sahihi na mkubwa, halafu kulipwa. Kama mali ya kila safari ni ya franka 60,000 tu, kazi ya karatasi inaweza kugharimu kuliko mali yenyewe. Kwa hiyo pande mbili zinakubaliana: kila safari itakuwa na bono yake, na mwisho wa mwezi bono zote zitaingia katika fakture moja.

Mapatano hayo ni mazuri, lakini yana hatari ndani yake. Anayeuza kwa fakture ya kila safari, ikiwa safari moja ina ugomvi, fakture moja tu ndiyo inakwama. Anayeuza kwa fakture ya mwezi, kosa la bono moja linaweza kuzuia feza ya mwezi mzima. Mhasibu wa kampuni hana ruhusa ya kulipa nusu ya fakture kwa kukisia. Anairudisha yote.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa maji ya kunywa, mwenye depo ndogo na kamyoneti moja. Mteja wake ni kampuni yenye posti sita mjini: Kampemba, Ruashi, Annexe, Katuba, Kenya na Kamalondo. Bei waliyopatana ni franka 5,000 kwa bidoni moja ya lita 20. Mwezi wa tano alitumia bono kutoka namba 0301 mpaka 0350. Mfano huu umetengenezwa kwa ajili ya kueleza, lakini mtu yeyote anayefanya kazi hii atautambua.

Mwisho wa mwezi, muuzaji huyu alifungua kaye yake ya depo, pale anapoandika bidoni zinazopakiwa kila asubuhi. Akajumlisha, akapata bidoni 612. Akaandika fakture ya franka 3,060,000. Upande wa kampuni, mhasibu alijumlisha bono zilizomfikia kutoka posti zote sita. Akapata bidoni 590, yaani franka 2,950,000. Tofauti ni franka 110,000, chini ya asilimia 4 ya fakture. Lakini kwa ajili ya hiyo 110,000, milioni 3 nzima zilikaa.

Nani alisema kweli kati yao? Hakuna hata mmoja. Na bono ndizo zinaonyesha hivyo.

Tuanze na muuzaji. Kosa lake ni kufanya hesabu kwa kaye ya depo. Kaye inaonyesha kile kilichotoka, siyo kile kilichopokelewa. Kwenye bono 0309, iliyokwenda Ruashi, aliandika bidoni 15, lakini mpokeaji alikuta 3 zinavuja, akazirudisha na kuandika “zimepokelewa 12”. Kwenye bono 0326 ya Kampemba, ziliandikwa 20 na zikapokelewa 18. Kwenye bono 0341 ya Annexe, ziliandikwa 10 na zikapokelewa 7. Jumla ya zilizorudi ni bidoni 8. Dereva alizirudisha depo, zikapangwa pamoja na nyingine, na hakuna aliyegusa kaye. Ukitoa 8 katika 612, zinabaki 604.

Sasa mhasibu. Yeye alikuwa na 590 kwa sababu bono moja haikumfikia. Ni bono 0333 ya posti ya Katuba, bidoni 14. Gari lilifika jioni, mkuu wa posti alikuwa amekwenda nyumbani, na zamu ndiye aliyepokea. Alitia sahihi, akaweka karatasi ya mteja ndani ya meza, na ikabaki humo. Kwa mhasibu aliye mjini, mali ambayo haina bono haikufika. Ukiongeza 14 juu ya 590, unapata 604.

Kwa hiyo namba ya kweli ni 604, na fakture sahihi ni franka 3,020,000. Muuzaji alikuwa amezidisha franka 40,000, na mteja alikuwa amepunguza franka 70,000. Kila mmoja alimuona mwenzake kama mwizi, kumbe wote wawili walihesabu vitu ambavyo sivyo vya kuhesabu.

Jambo lililomuokoa muuzaji kwa bono 0333 ni kwamba kopi yake ilikuwa na kila kitu: tarehe, saa, jina la posti, jina kamili la zamu, sahihi yake na maneno “zimepokelewa 14” kwa mkono wake. Mhasibu alipiga simu Katuba, zamu akaulizwa kwa jina, karatasi ikatolewa mezani. Kama kopi hiyo ingekuwa na mstari wa kalamu tu usio na jina, nani angeulizwa? Posti ina mazamu wanaobadilishana mchana na usiku. Franka 70,000 zingepotea, na maji yalikuwa yamekwisha kunywewa.

Hapa ndipo inafaa kusema wazi bono nzuri ina nini. Ina namba iliyochapwa kiwandani, siyo iliyoandikwa kwa mkono, ili hata moja isiweze kupotea bila kuonekana. Ina tarehe ya kupokea, jina la posti, na namba ya oda ya mteja kama ipo. Ina aina ya mali na sehemu mbili za hesabu: iliyotumwa na iliyopokelewa. Hii ya pili ndiyo wengi wanaisahau. Bono yenye sehemu moja tu inamlazimisha mpokeaji kukata na kuandika juu, na namba iliyokatwa ndiyo mwanzo wa mabishano. Kwa maji, inahitajika pia sehemu ya bidoni tupu zilizorudishwa. Bidoni tupu haziingii kwenye bei ya maji, lakini ni mali ya muuzaji, na zisipoandikwa safari kwa safari zitapungua polepole bila mtu kujua ziko posti gani.

Bono iwe na kopi tatu. Ya kwanza inabaki posti au inapelekwa kwa mhasibu wa mteja. Ya pili, yenye sahihi, inarudi na dereva na itafungwa pamoja na fakture. Ya tatu haitoki kitabuni hata siku moja. Anayenunua kitabu cha kopi mbili ili kuokoa feza kidogo atajuta siku atakapoambatanisha kopi yake kwenye fakture, halafu mteja aseme bahasha imepotea. Atabaki na nini mkononi?

Bono iliyoharibika haichanwi. Katika mfano wetu, namba 0317 na 0338 ziliandikwa vibaya. Muuzaji alizipiga mistari miwili, akaandika “imefutwa”, akaacha kopi zote tatu kitabuni. Ndiyo maana bono 50 zilitoa safari 48, na kila namba ina maelezo yake. Mhasibu anayeona namba zinaruka kutoka 0316 hadi 0318 bila maelezo ana haki ya kuuliza hiyo moja iko wapi.

Fakture yenyewe sasa inakuwa kazi rahisi. Haiandikwi “maji ya mwezi wa tano, 3,020,000” na basi. Kila bono inapata mstari wake: tarehe, namba ya bono, posti, idadi iliyopokelewa, bei, jumla. Mstari wa bono 0309 utasema bidoni 12, siyo 15. Kisha mistari inapangwa kwa posti, ili kila mkuu wa posti aweze kukagua sehemu yake. Katika mfano wetu: Kampemba 132, Ruashi 118, Annexe 104, Katuba 96, Kenya 84, Kamalondo 70. Jumla 604. Mkuu wa posti ya Kenya hana haja ya kuelewa milioni 3. Anaulizwa jambo moja tu: je, bidoni 84 zilifika kwako, kwa bono hizi? Hilo anaweza kulijibu asubuhi moja.

Kuna pia swali la tarehe. Bono ya tarehe 31 jioni ni ya mwezi gani? Kanuni ni tarehe ya kupokea, siyo tarehe ya kuandika bono wala ya kupakia gari. Bono iliyoandikwa tarehe 31 na kupokelewa tarehe 1 inaingia mwezi unaofuata. Tarehe hiyohiyo inaamua bei. Ikiwa pande mbili zimekubaliana kwamba bidoni itapanda kutoka 5,000 hadi 5,500 kuanzia tarehe 16, bono ya tarehe 15 inabaki kwa bei ya zamani, hata kama fakture inaandikwa mwisho wa mwezi. Muuzaji anayeweka bei mpya kwa mwezi mzima anajitafutia fakture ya kurudishwa, na safari hii mteja ana haki.

Kwa wale walioandikishwa kulipa TVA, tarehe ina uzito mwingine. TVA ilianza kutumika Kongo tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Kwa mali inayouzwa, deni la TVA linazaliwa siku mali inapofikishwa, siyo siku mteja anapolipa. Deklarasyo ya mwezi inapelekwa DGI kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata au siku hiyo. Maana yake ni kwamba fakture iliyorudishwa kwa ajili ya bono moja haiisubirishi serikali. Muuzaji anaweza kudaiwa TVA ya mali ambayo yeye mwenyewe hajalipwa. Yule asiyeandikishwa, kama muuzaji wa mfano wetu, haweki TVA kwenye fakture yake.

Zaidi ya hayo, DGI imeleta utaratibu wa fakture sanifu inayotolewa kwa njia ya kielektroniki. Fakture ya namna hiyo haifutwi na kuandikwa upya nyuma ya meza. Ikiwa na kosa, inasahihishwa kwa hati nyingine ya kupunguza deni, inayotaja namba ya fakture ya kwanza. Kwa hiyo kulinganisha bono na mteja kunapaswa kufanyika kabla ya fakture kutoka. Siku mbili za mwisho wa mwezi zinatosha: muuzaji anatuma orodha ya bono kwa kila posti, posti zinajibu, na fakture inatolewa juu ya namba ambazo kila mtu amekwisha kuziona.

Na kama bono moja bado ina ugomvi? Itolewe kwenye fakture ya mwezi huo, iandikwe pembeni, na ishughulikiwe peke yake. Katika mfano wetu, hata kama karatasi ya 0333 isingepatikana mapema, muuzaji angeweza kutoa fakture ya bidoni 590, franka 2,950,000, na kuacha 70,000 ziendelee kutafutwa. Kuna wanaoona aibu kufanya hivyo, kana kwamba ni kukubali kushindwa. Lakini ni nani anafunga milioni 3 kwa ajili ya elfu 70, wakati mafuta ya kamyoneti yanataka kununuliwa kesho?

Upande wa sheria, bono ina kazi kubwa zaidi. Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya biashara ya OHADA inakubali uthibitisho wa namna zote kati ya wafanyabiashara, hata wa kielektroniki. Lakini anayetaka kutumia njia ya haraka ya kumlazimisha mdeni kulipa kwa amri ya hakimu anapaswa kuonyesha kwamba deni ni la hakika, kiasi chake kinajulikana, na muda wa kulipa umefika. Fakture ni maneno ya muuzaji mwenyewe. Akienda mahakama ya biashara na fakture peke yake, mteja atasema tu kwamba hakupokea mali, na deni litakuwa limepoteza uhakika wake. Bono zenye sahihi ni maneno ya mteja. Na asikae nazo kabatini: madai ya mauzo ya kibiashara yanazimika baada ya miaka 2.

Bono nayo ina mipaka yake. Inathibitisha kwamba mali fulani ilifika mahali fulani siku fulani. Haithibitishi bei. Bei inatoka kwenye mkataba au kwenye oda, na muuzaji asiye na bei iliyoandikwa anaweza kushinda juu ya bidoni 604 na bado akabishana juu ya franka 5,000. Pia sahihi ya mtu asiyeruhusiwa kupokea inaweza kukataliwa. Picha ya bono iliyotumwa kwa WhatsApp jioni ileile inasaidia sana, kwa sababu inaonyesha siku na saa, na mteja akinyamaza bila kupinga ni vigumu baadaye kusema hakujua. Lakini isichukue nafasi ya karatasi. Simu zinaibiwa, na picha zinafutika.

Kwa hiyo lawama igawanywe kwa haki. Wauzaji waache kuhesabu kwa kaye ya depo, na wasimuache dereva kuondoka langoni kabla jina halijaandikwa. Dereva ndiye mhasibu wa kwanza wa biashara hii, hata kama hakuna anayemuita hivyo. Akirudi na bono isiyo na jina, arudi kesho yake asubuhi kulitafuta, siyo mwisho wa mwezi.

Lakini mteja mkubwa ndiye mwenye deni kubwa zaidi katika jambo hili, kwa sababu lango ni lake. Anayeweka zamu langoni bila kumpa ruhusa ya kupokea, halafu mwisho wa mwezi anasema zamu hakuwa na ruhusa, anakula mali kwa mlango mmoja na kukataa deni kwa mlango mwingine. Kila kampuni inayonunua kwa fakture ya mwezi impe muuzaji orodha ya majina ya wapokeaji, posti kwa posti, pamoja na mfano wa sahihi zao, na iibadilishe kila mtu anapohamishwa. Iweke siku ambayo kila posti inapaswa kutuma bono zake ofisini. Na ikubali kulipa mistari isiyo na ugomvi bila kusubiri ule mmoja wenye ugomvi.

Tangu Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi za chini ya mkataba, inasemwa sana Katanga kwamba biashara ndogo za Wakongomani zipewe nafasi kwenye kampuni kubwa. Nafasi hiyo haiishii kwenye mkataba. Inaonekana langoni saa 12 jioni, pale zamu anapohesabu bidoni 14, anaandika 14, na chini yake anaandika jina lake.